Arobaini kwa Themanini

Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, na baadhi yao nimekuja kuwaomba msamaha. Afisa wa ubora aliyeletwa kwenye kituo chetu cha kununulia chai huko Gesima hayumo katika orodha hiyo. Sijamwomba, wala sina mpango wa kumwomba. Lakini namweleza hapa kwa sababu siwezi kueleza aibu yangu bila kupitia kwake.

Nilikuwa karani wa kituo. Kituo chenyewe kilikuwa banda la mabati pembeni mwa barabara ya vumbi, ambayo mvua ikinyesha ilikuwa barabara ya tope. Ndani mlikuwa na mizani ya kuning'inia, meza ndefu ya kukagulia majani, na ubao mweusi ukutani. Wakulima walikuja na vikapu mgongoni, nami nilipima, niliandika kilo kwenye namba ya kila mtu, kisha nilikagua. Kukagua si uganga. Unachota majani kwenye mifuko kadhaa, unayachanganya, unahesabu machipukizi mia moja. Yale yenye majani mawili laini na ncha yake unaweka kulia, yale magumu na yaliyokomaa unaweka kushoto. Ya kulia yakiwa sabini, alama ya kituo siku hiyo ni sabini. Mtoto wa darasa la pili anaweza, ingawa baadaye nilikutana na mtu mwenye digrii ambaye sina hakika kama angeweza.

Jioni, lori likishaondoka, niliandika ubaoni namba mbili tu: siku ngapi tumekagua msimu huo, na wastani wa alama zote. Kiwanda kilikuwa na sheria yake. Wastani ukishuka chini ya sitini, lori halikanyagi hapo wiki mbili. Chai nayo haina subira, wiki mbili bila kuchumwa inakuwa kichaka. Kwa hiyo watu ambao hawakuwahi kusoma gazeti walikuwa wakisoma ubao wangu kila asubuhi kabla ya kunisalimia.

Karatasi za alama za kila siku hazikukaa kwetu. Dereva wa lori alizibeba kwenda kiwandani, na huko zilitiwa kwenye kabati lililosimama chini ya bomba bovu. Mvua zilipozidi, karatasi zote za tangu msimu uanze zilikuwa uji. Nilipoambiwa nilicheka, kwa sababu mimi sikuzihitaji. Namba mbili za ubaoni zilinitosha.

Hilo nilifundishwa na mwalimu wangu wa hesabu huko Nyaramba, mwanamke mkali aliyekuwa na wastani wa kila mmoja wetu kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Tukifanya mtihani mpya, alitazama alama, akatazama karatasi, akabadilisha wastani papo hapo. Hakuwahi kujumlisha mitihani ya nyuma. Siku moja nilimuuliza, naye akanieleza kama mtu anayegawa viazi. Alisema chukulia kila mtihani wa nyuma ulileta sawa na wastani, maana jumla haibadiliki. Sasa mtihani mgeni umekuja umezidi au umepungukiwa. Hicho kilichozidi au kupungua, wagawane wote, pamoja na mgeni mwenyewe. Kila mmoja akipata fungu lake, ndiyo hesabu. Usisahau kumhesabu mgeni, alisema, na akanigonga kichwani kwa chaki ili nisisahau. Sijasahau hadi leo.

Afisa alikuja mwezi wa nane, kwa pikipiki ya kiwanda, na viatu vilivyochongoka mbele ambavyo kwenye tope la Gesima ni kichekesho. Hakuwa wa kwetu, kwa hiyo akiwepo tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Alikuwa na tableti ndani ya kifuko cha ngozi, na aliifungua kwa heshima ambayo hakuwapa wanadamu. Siku ya kwanza alinisikia nikimwita mama mmoja mkulima "Baba", akaangua kicheko. "Karani, huyu ni mama. Hata Kiswahili imewashinda?" Nikamweleza kwamba kwetu mama ndiye baba, na baba mzazi ni tata. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona kidonda, akaandika kitu kwenye tableti. Mpaka leo najiuliza aliandika nini.

Mama huyo ndiye habari yenyewe. Alikuwa mjane, mwenye michai michache tu kwenye mteremko nyuma ya kanisa. Namba yake ya mkulima ilikuwa ya marehemu mumewe, naye aliijua kwa moyo kabla ya kujua namba ya simu yake mwenyewe. Alipenda kuitaja kwa sauti akifika mezani, tarakimu moja moja, ingawa nilikuwa nimeshaiandika. Alikuwa akiniita mwanangu.

Mwezi huo aliugua kichomi. Alilala siku kumi na mbili, na chai yake ikakomaa shambani kwa kuwa hakuna mwingine wa kuichuma. Jumatatu moja alijikokota akachuma alichoweza, akaja nacho. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na watu wachache walijitokeza. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mezani. Nilitaka kusubiri mifuko mingine nichanganye, kama kawaida, lakini afisa alitaka kuondoka kabla barabara haijaharibika zaidi.

"Chukua kwa huyu. Hesabu, tumalize," alisema.

Nikachota kwenye kikapu cha mama peke yake. Nilijua si sawa na nikachota. Kulia niliweka thelathini na mbili, kushoto sitini na nane. Mama alisimama akiyatazama majani yake yakitengwa hivyo, mkono kifuani pale palipokuwa pakimuuma.

Ubao ulisema: siku 79, wastani 72. Mimi nilikuwa nimeshamaliza hesabu kichwani kabla sijanawa mikono. Mgeni ameleta thelathini na mbili, amepungukiwa arobaini. Siku sasa ni themanini, pamoja naye. Arobaini kwa themanini ni nusu. Wastani mpya ni sabini na moja na nusu. Basi. Siku mbaya kuliko zote za msimu ilikuwa imetuvuta chini nusu alama, na ningeandika hivyo niende nyumbani nikapike.

Afisa alinipokonya chaki. Nasema alinipokonya, ingawa ukimuuliza atasema alinisaidia.

"Maksi za nyuma ziko wapi?" aliuliza.

"Zilioza kiwandani, bwana afisa."

"Basi huwezi kupata avareji kamili. Ili upate avareji lazima ujumlishe zote. Lakini iko njia." Akaguna kama mtu anayefungulia maskini ghala. "Tunachukua avareji ya zamani, sabini na mbili. Tunaongeza ya leo, thelathini na mbili. Mia moja na nne. Gawa mbili."

Akaandika 52, kubwa, akaipigia mstari mara mbili. Halafu akafuta zile siku 79 kabisa, akisema hazina kazi tena.

Ningependa kusema nilipigwa na butwaa, lakini sikupigwa. Nilielewa kosa lake palepale, zima, kama unavyomwona mtu amevaa shati kinyume. Alikuwa ameipa asubuhi moja ya mvua uzito sawa na siku sabini na tisa. Kikapu kimoja cha mgonjwa kilikuwa kimesimama upande mmoja wa mizani, na jasho la watu wote tangu msimu uanze upande wa pili, na yeye akasema viko sawa. Kwa hilo walimlipa, na wakampa pikipiki.

Nilielewa, nikanyamaza. Nitasema kwa nini, maana nimejiapia kusema. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo, na fomu ya kuuongeza ilikuwa ndani ya kile kifuko cha ngozi, ikingoja sahihi yake. Nilikuwa nimeiona nilipomshikia kifuko akivaa koti la mvua.

Jumanne kamati ya kituo ilikaa. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti ya upole na shamba kubwa kuliko yetu sote. Afisa aliwaambia hamsini na mbili maana yake ni kufungwa, lakini kwa roho yake nzuri angeweza kungoja, kama kamati ingeonyesha imechukua hatua.

"Hatua gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Mwenye kuangusha kituo anajulikana. Simamisha hiyo namba yake. Msimu mmoja tu."

Hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake. Watu ambao walikuwa wamempelekea mama huyo uji akiwa kitandani walianza kukumbuka kwamba majani yake yalikuwa na kasoro hata mwaka juzi. Mmoja akasema anavyoona yeye, mama ni mzee, apumzike. Hiyo ndiyo huruma ya kamati. Namba ya mjane ikapigwa mstari kwenye rejista, na kalamu iliyoupiga mstari ilikuwa yangu, kwa sababu rejista ilikaa kwangu.

Alikuja asubuhi hiyohiyo, na kikapu, hajui lolote. Akaitaja namba yake tarakimu moja moja. Nikamwambia imesimamishwa. Hakupiga kelele, aliuliza tu kama namba ya mtu aliyekufa inaweza kusimamishwa. Nikamwambia ni uamuzi wa kamati. Akageuka na kikapu chake akapanda nacho mlima, na nilijua ataimwaga chai hiyo chini ya migomba, kwa sababu hakuna pengine pa kuipeleka.

Siku hiyo jua lilitoka, watu wakaja wengi, nikachanganya majani ipasavyo. Tulipata sabini na sita. Afisa akachukua hamsini na mbili yake, akaongeza sabini na sita, akagawa mbili. Sitini na nne!

"Mmeona?" alisema, akiwageukia wakulima. "Mmemtoa mtu mmoja, na avareji imepanda kumi na mbili kwa siku moja!"

Watu wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi. Wanawake waliokuwa wanamhurumia mama walitazamana, na nikaona huruma ikiwatoka machoni, kwa maana sasa kulikuwa na ushahidi. Wastani wa kweli ulikuwa umesogea hata si sehemu moja ya kumi ya alama: sabini na sita imezidi sabini na moja na nusu kwa nne na nusu, na nne na nusu ukizigawia siku themanini na moja, ni makombo. Kituo hakikuwa kimepanda kwa sababu hakikuwa kimeanguka. Lakini nani apigie makombo makofi?

Jumatano tulipata themanini. Sitini na nne na themanini, gawa mbili: sabini na mbili. Afisa alikaribia kucheza ngoma. Kituo kimerudi palepale kilipokuwa Ijumaa, alisema, na kimerudi kwa nidhamu. Alifurahi kiasi kwamba alitoa fomu yangu bila kuombwa, akaisaini juu ya meza ya majani, akanipa mkono. Mwaka mmoja zaidi. Nilimwambia asante, na nikaona aibu kwa jinsi ile asante ilivyonitoka laini.

Alhamisi nikaongea.

Sitaki mtu anipigie makofi pia. Niliongea siku ya nne, sahihi ikiwa imekauka. Kamati ilikuwa imekusanyika kumsikiliza afisa akijisifu, na mama alikuwa amekuja tena na kikapu, akasimama nje ya mlango, hakuingia. Nilishika chaki, nikamwambia mwenyekiti, "Tata, nipe maksi za siku tatu, zozote."

"Sabini," alisema mwenyekiti. "Themanini. Na thelathini, ile mbaya."

"Ukijumlisha zote unapata mia na themanini. Gawa siku tatu?"

"Sitini."

"Sasa tufanye kwa njia ya bwana afisa. Sabini na themanini, gawa mbili, sabini na tano. Sabini na tano na thelathini, gawa mbili, hamsini na mbili na nusu. Kituo kimefungwa." Nikafuta. "Ni majani yaleyale, lakini ile siku mbaya imekuja kwanza. Thelathini na themanini, gawa mbili, hamsini na tano. Hamsini na tano na sabini, gawa mbili, sitini na mbili na nusu. Kituo kiko wazi."

Afisa alisema hiyo ni mifano ya kijiji, mfumo haufanyi hivyo. Nikamwambia mfumo ndio huo ubaoni, kwa mwandiko wake.

Kisha nikawaonyesha ya mwalimu wangu. Sabini ndiyo wastani. Themanini imekuja imezidi kumi, siku ni mbili, kila moja inapata tano: sabini na tano. Thelathini imekuja imepungukiwa arobaini na tano, siku ni tatu, kila moja inapoteza kumi na tano: sitini. Nikapindua mpangilio. Thelathini, halafu themanini imezidi hamsini, kwa mbili ni ishirini na tano: hamsini na tano. Sabini imezidi kumi na tano, kwa tatu ni tano: sitini. Nikaweka chaki chini. Sikuwa nimehitaji karatasi yoyote iliyooza.

Mwenyekiti alisimama mbele ya ubao muda mrefu, midomo ikitembea. Kisha akageuka.

"Kumbe huyu mama angeleta hii majani yake siku ya kwanza ya msimu, leo hatungejua hata kama aliugua?"

"Kwa njia ya afisa, hatungejua, Tata."

"Na kwa njia ya kweli, alituangusha ngapi?"

Nikaandika ubaoni arobaini kwa themanini. "Nusu. Sabini na mbili ikawa sabini na moja na nusu."

"Nusu," mwenyekiti alisema, na akamgeukia afisa. "Bwana, ulifanya sisi tumfukuze mjane kwa nusu?"

Afisa alifungua tableti. Aliigusa hapa na pale, akaisogeza juu, akaisogeza chini, akasema mtandao wa Gesima ni mbaya. Mwanamke mmoja nyuma akasema labda agawe mtandao kwa mbili. Kicheko kilichotoka kwenye banda lile kilisikika mpaka kanisani, na tangu siku hiyo jina lake kijijini likawa mgawa mbili. Nasikia siku hizi yuko ofisi ya kiwanda kule Manga, amepandishwa cheo. Sishangai. Watu wa aina yake hupanda kwa wastani wao wenyewe.

Kamati ikarudisha namba ya mama palepale, kwa kauli moja, haraka kama ilivyoiondoa, na walewale waliokumbuka kasoro za mwaka juzi wakakumbuka ghafla alivyokuwa mchapakazi. Waliwahi mlangoni kumshika mkono. Aliwaitikia wote, mmoja mmoja, halafu akaja mezani na kikapu chake. Chai ilikuwa nzuri, laini, imechumwa kwa uangalifu mkubwa. Nikaipachika kwenye mizani. Nilingoja aitaje namba yake, hakuitaja.

"Hii hesabu," aliniuliza taratibu, kwa Kiswahili, ingawa sote wawili tulikuwa na lugha yetu, "umejua leo?"

Ningeweza kumdanganya. Afisa alikuwa bado yuko hapo, ningemtupia yeye.

"Nilijua Jumatatu, Baba."

"Kabla ya kunirudisha nyumbani na kikapu changu?"

"Kabla."

Aliyatazama majani yake kwenye mizani, kisha ubaoni, pale nilipokuwa nimeandika arobaini kwa themanini.

"Mimi niliharibu siku moja," alisema, "na hiyo yangu mmegawia siku themanini, imebaki kidogo. Hii yako utagawia nani?"

Niliandika kilo zake, nikakata risiti, nikampa. Aliikunja akaifunga kwenye ncha ya leso.

"Asante, karani," alisema.

Nilikaa kwenye kituo kile mwaka mzima wa mkataba wangu, kisha nikahamia Kisii mjini. Mama alileta chai karibu kila siku, na mwaka huo wote hakuniita mwanangu tena.